Mtahiniwa Anapodai Maksi Zaidi

Tuchukue swali la mekanika la aina inayotungwa kila muhula katika shule za Dar es Salaam na Nairobi zinazofuata mitaala ya Uingereza. Jiwe linarushwa wima kwenda juu kwa mwendokasi wa meta 20 kwa sekunde, kutoka juu ya paa la jengo lenye kimo cha meta 25. Sehemu (a) inataka muda litakaotumia hadi kufika ardhini. Sehemu (b) inataka mwendokasi wake linapogonga ardhi. Kani ya uvutano ichukuliwe kuongeza mwendokasi kwa meta 10 kwa sekunde kila sekunde. Swali zima lina maksi 6, na mwanafunzi wetu amepata 2.

Karatasi zilikuwa zimeskaniwa kabla ya kusahihishwa, na kila mtahiniwa ametumiwa picha ya karatasi yake yenye maksi pembeni. Huyu ameipitia yake, akaandika: "Shikamoo mwalimu. Kwenye swali la jiwe nimekosea ishara moja tu, njia yote ni sahihi. Naomba nisahihishiwe upya, nadhani nastahili 5."

Je, anastahili? Mwalimu mwenye huruma atamwongezea kitu ili amalize shauri. Mwalimu aliyechoka atamjibu kwamba maksi zimeshatolewa. Wote wawili watakuwa wamejibu bila kuangalia kitu pekee chenye mamlaka hapa, yaani mwongozo wa usahihishaji.

Kwa swali hili mwongozo umepangwa kwa mtindo uliozoeleka kwenye mitihani ya hisabati ya Uingereza. Maksi zenye herufi M hutolewa kwa njia: mtahiniwa ametumia kanuni inayofaa na ameitumia inavyopaswa, hata kama hesabu yake imeteleza baadaye. Zenye herufi A hutolewa kwa usahihi wa kilichopatikana, na kwa kawaida hazitoki bila M inayozitangulia. Sehemu (a) ina M1 ya kutumia kanuni ya umbali na muda, A1 ya mlinganyo sahihi, M1 ya kutatua mlinganyo wa kwadratiki alioupata mtahiniwa, njia ikionekana, na A1 ya jibu, sekunde 5. Sehemu (b) ina M1 ya kutumia v = u + at kwa thamani ya t aliyoipata mtahiniwa mwenyewe, na A1 ya meta 30 kwa sekunde, jibu hilo tu na si lingine.

Kila neno la mwongozo huo lina kazi. "Alioupata mtahiniwa" maana yake kosa la nyuma halimnyimi maksi ya njia mbele. "Njia ikionekana" maana yake jibu lililoandikwa peke yake halitoshi. "Jibu hilo tu" linafunga mlango ambao maneno mawili ya kwanza yameuacha wazi.

Sasa karatasi yenyewe. Mwanafunzi ameandika −25 = 20t − 5t², ambayo ni sahihi kabisa; ardhi iko meta 25 chini ya mahali jiwe liliporushwa, ndiyo maana kuna alama ya kutoa. Hapo amepata M1 na A1, na ndizo maksi 2 alizopewa. Mstari unaofuata alipaswa kufikia t² − 4t − 5 = 0, unaotoa t = 5. Yeye ameandika t² + 4t − 5 = 0. Ishara moja imegeuka. Chini yake kuna t = 1, kisha v = 20 − 10 × 1 = 10.

Msahihishaji ameona t = 1 bila hatua yoyote ya kuifikia, akanyima M1 ya pili kwa kuwa njia haikuonekana. Akaona kwamba t si 5, akaweka sifuri mbili kwenye sehemu (b).

Anayehukumu ombi hili anapaswa kuanza na picha ya ukurasa mzima, mambo ya hesabu yafuate baadaye. Mifumo ya kusahihishia kwenye kompyuta mara nyingi humwonyesha msahihishaji kipande tu cha ukurasa, kile kisanduku kilichotengwa kwa swali husika, ili asahihishe swali moja kwa watahiniwa wote mfululizo. Mtindo huo unaongeza usawa, kwa sababu jicho lile lile linapima jibu lile lile mara nyingi bila kujua mtahiniwa amefanyaje kwenye maswali mengine. Udhaifu wake ni kwamba kilichoandikwa nje ya kisanduku hakionekani mpaka mtu afungue ukurasa wote. Ukurasa wa mwanafunzi huyu ukifunguliwa, pembezoni chini ya mstari wa kisanduku kuna (t + 5)(t − 1) = 0 kwa penseli, hafifu lakini inasomeka. Njia ipo.

Na ilikuwapo siku ya mtihani. Faida ya kuskani kabla ya kusahihisha ni hii: karatasi inayorudishwa mkononi inaweza kuongezwa mstari nyumbani, ila picha iliyohifadhiwa siku ile haiongezeki. Kwa hiyo mwalimu hana sababu ya kumshuku mtoto, na mtoto hana haja ya kuapa.

M1 ya pili inarudi. Amevunja mlinganyo wake kwa vigawo inavyotakiwa, akapata mizizi yake, akachagua ule chanya. Kwamba mlinganyo ulikuwa na ishara mbaya si hoja, maana mwongozo umesema mlinganyo "alioupata mtahiniwa". A1 ya mwisho ya sehemu (a) hairudi, kwa sababu 1 si 5.

Kwenye sehemu (b) kosa la msahihishaji ni la wazi zaidi. Mwongozo unataka kanuni itumike kwa t ya mtahiniwa, na mtahiniwa ameweka t yake kwenye kanuni ile ile inayotakiwa. M1 ni yake. Maksi ya mwisho ilitaka 30, naye ameandika 10, kwa hiyo imekwenda. Maksi zinapanda kutoka 2 hadi 4. Alidai 5.

Tofauti hiyo ya maksi moja inastahili kuelezwa vizuri, maana ndiyo inayozaa manung'uniko mengi. Mwanafunzi amepiga hesabu ya kukatwa: kosa moja, maksi moja, 6 toa 1. Mwongozo wa aina hii haukati. Unaanzia sifuri na kutoa maksi kwa kila kitu kilichoonyeshwa, na kosa moja la ishara limemzuia kuonyesha vitu viwili, muda sahihi na mwendokasi sahihi. Wapo watunzi ambao wangeruhusu jibu la mwisho lifuate kosa la mtahiniwa. Huyu hakuruhusu, na ana sababu: baada ya sekunde 1 jiwe lile liko meta 40 kutoka ardhini na bado linapanda kwa meta 10 kwa sekunde. Mtahiniwa aliyelitazama jibu lake upya angegundua kwamba jiwe halijaanza hata kushuka.

Hivyo ombi lina haki nusu, na jibu la mwalimu lazima liseme nusu ipi. "Tumekuongezea 2" haimsaidii mtu. Jibu linalofaa linataja mstari wa mwongozo na mstari wa karatasi: vigawo vimeonekana chini ya kisanduku, M1 imetolewa, kanuni imetumika kwa t yako, M1 imetolewa, t si 5 na v si 30, hivyo maksi mbili za A zimebaki sifuri. Mwanafunzi akisoma hayo anaweza kukagua hukumu mwenyewe, hatua kwa hatua.

Kwenye hisabati mambo ni mepesi kwa sababu mistari inahesabika. Insha ni jambo jingine. Msahihishaji wa kwanza ametoa 14 kati ya 20, anayepitia ombi anahisi angetoa 15, na wote wawili wanaweza kuutetea uamuzi wao kwa maneno yale yale ya mwongozo. Ofqual, mamlaka inayosimamia mitihani Uingereza, ililiamua suala hilo mwaka 2016 kwa mitihani ya GCSE na A level: anayepitia upya hubadilisha maksi pale tu anapokuta kosa la usahihishaji. Kama maksi iliyotolewa ni ya haki kwa mujibu wa mwongozo, inabaki, hata kama yeye angetoa nyingine. Wengi waliuona uamuzi huo kuwa mkali. Lakini kuulegeza kungewapa walioomba nafasi ya pili ya kupimwa, huku wenzao walioandika insha za kiwango kile kile na kukaa kimya wakibaki na nafasi moja. Na mapitio hayo hulipiwa ada, hivyo wa kunyimwa wangekuwa zaidi wale wasio na pesa.

Hoja ya waliokaa kimya inazidi uzito pale malalamiko yanapougusa mwongozo wenyewe. Mwanafunzi wa pili, swali lile lile, anaandika kwamba amepata sekunde 5.08 na amenyimwa maksi. Anayehukumu anarudia hesabu kwa 9.8 badala ya 10 na kupata 5.08. Anaifungua karatasi ya maswali kuhakikisha, na anakuta sentensi ya kutaja 10 imo kwenye rasimu ya mtunzi, ila haikuchapwa kwenye karatasi waliyopewa watahiniwa. Kosa la namna hii linatokea kirahisi: karatasi za mekanika za hisabati ya A level za Cambridge huagiza 10, zile za Edexcel huagiza 9.8, na mwanafunzi aliyehama shule hubeba namba aliyoizoea.

Hapa msahihishaji hana kosa. Ameufuata mwongozo barabara, ila mwongozo umedai kitu ambacho swali halikukisema. Mwanafunzi ana haki, lakini kumrudishia maksi yeye peke yake ni dhuluma kwa kila aliyetumia 9.8 bila kulalamika. Kinachorekebishwa ni mwongozo: jibu 5.08 linakubaliwa, na sehemu (b) nayo inapokea linalotokana nalo, kama 29.8. Kisha karatasi zote zinapitiwa upya kwenye swali hilo. Mfumo kama Gradescope, ulioanzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, umejengwa kwa mantiki hiyo. Mwalimu huandika vipengele vya mwongozo ndani ya mfumo na kuvipa maksi, na akibadilisha maksi za kipengele, kila karatasi iliyokwisha kuwekewa kipengele hicho inabadilika papo hapo. Ila mfumo haujui ni nani aliyetumia 9.8 ikiwa wote waliwekewa kipengele kimoja cha "jibu si sahihi". Hapo lazima mtu afungue picha moja baada ya nyingine na kuwatenganisha waliopata 5.08 na waliokosea kweli, wakiwamo wale ambao hawakuwahi kuandika ombi lolote.