Fahamu: Kuiandika Shakahola kwa haki katika kazi ya chuo

Mwanafunzi akiandika kwamba Paul Mackenzie "aliwapumbaza wajinga wakafa njaa", ametoa hukumu kabla ya maelezo. Yanayosimama ni haya: Mackenzie alianzisha kanisa la Good News International mwaka 2003. Tangu Aprili 2023, zaidi ya miili 400 imefukuliwa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Waendesha mashtaka wanadai aliwahimiza waumini wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Aliposhtakiwa mwaka 2024, alikana.

Hapo dai limepewa mwenyewe, yaani waendesha mashtaka. Miili, kwa upande wake, ilifukuliwa kweli, kwa hiyo kuiwekea "inasemekana" ni kupotosha, hata kama kunaonekana kama uungwana.

Mafundisho ya kanisa hilo yaandikwe kwa namna ambayo muumini mwenyewe angeyatambua, kutokana na mahubiri yaliyorekodiwa. Ushuhuda wa waliojitoa kanisani ni wa thamani, ila usiwe peke yake.

Tena, "walikufa kwa kufunga" haitoshi. Uchunguzi wa maiti ulionyesha wengine, wakiwemo watoto, walinyongwa au kuzibwa pumzi, na mtoto mdogo hakuchagua kufunga.