Nani Mwenye 192.168.1.50?

Ofisi ndogo ina kompyuta, printa na rauta, vyote vimechomekwa kwenye swichi moja. Kompyuta yenye anwani ya IP 192.168.1.20 inatakiwa kupeleka barua kwa printa yenye 192.168.1.50. Kabla baiti ya kwanza ya barua hiyo haijaondoka, kompyuta hulazimika kutafuta kitu ambacho hakuna aliyeipa: anwani ya MAC ya printa.

Swichi ya kawaida haisomi anwani za IP. Huangalia anwani ya MAC, namba ya biti 48 ambayo kwa kawaida huwekwa kiwandani kwenye kadi ya mtandao, na kwa hiyo huamua ujumbe utokee tundu lipi. Anwani ya IP, kwa upande wake, hupangwa na mwenye mtandao na hubadilika. Hakuna hesabu ya kukokotoa moja kutoka kwa nyingine, basi inabidi kuuliza. Utaratibu wa kuuliza aliuandika David Plummer mwaka 1982, katika waraka wa RFC 826, nao huitwa ARP.

Kwanza kompyuta hujiuliza kama printa iko upande wake. Mtandao huu umeandikwa 192.168.1.0/24, maana yake biti 24 za mwanzo, yaani namba tatu za kwanza, lazima zifanane. Zinafanana, kwa hiyo printa ni jirani. Zisingefanana, kompyuta ingetafuta MAC ya rauta na kuiachia rauta safari iliyobaki, kwa sababu maswali ya ARP hayavuki rauta.

Kisha hutazama jedwali lake la majirani. Printa isipokuwemo, barua husubiri, na swali hutumwa kwa anwani ff:ff:ff:ff:ff:ff, ambayo kila kifaa kwenye kipande hicho cha mtandao hulazimika kuipokea. Ukiwa unafuatilia kwa programu ya tcpdump, utaliona hivi:

```
ARP, Request who-has 192.168.1.50 tell 192.168.1.20, length 28
```

Swali zima ni baiti 28 tu, na ndani yake muulizaji ameandika IP na MAC zake mwenyewe. Vifaa vingine vyote huona kwamba namba inayoulizwa si yao, vikanyamaza. Printa hujibu, na jibu hilo haitangazi kwa wote: hulipeleka kwa muulizaji peke yake, kwa kuwa MAC yake imeshaisoma kwenye swali. Swali moja limewatambulisha wote wawili. Kompyuta huandika jibu kwenye jedwali, na barua iliyokuwa ikisubiri huondoka. Kwenye Linux, amri ya ip neigh itaonyesha:

```
192.168.1.50 dev eth0 lladdr 00:00:5e:00:53:32 REACHABLE
```

Rekodi hiyo haiaminiwi milele. Baada ya muda mfupi Linux huiita STALE, na ikitaka kuitumia tena huihakiki. Na kama printa imezimwa, baada ya maswali kadhaa yasiyojibiwa utaona FAILED.

Tatizo gumu zaidi ni pale wanapojibu wawili. Tuseme aliyefunga printa aliiandikia 192.168.1.50 kwa mkono, lakini hakuiambia rauta, ambayo nayo hugawa namba kuanzia .10 hadi .200. Jumamosi printa imezimwa. Simu ya mgeni inaingia kwenye Wi-Fi ya ofisi na rauta inaipa .50. Hata simu ikiuliza kwanza kama namba ina mwenyewe, hakuna wa kujibu. Jumatatu printa inawashwa, na sasa wenye namba ni wawili. ARP haina njia ya kujua nani mkweli. Hupokea jibu linalokuja. Kompyuta moja inachapa vizuri, ya pili inapeleka barua kwenye simu isiyojua kuchapa, na baada ya dakika chache huenda hali ikageuka. Watu hulaumu waya, hubadilisha wino, huzima na kuwasha.

Ushahidi hupatikana kwa kuuliza tena mbele ya wote:

```
arping -b -I eth0 192.168.1.50
```

Majibu ya namba moja yakirudi na MAC mbili tofauti, mgongano umethibitika. Mwizi pia huupitia mlango huuhuu: akijibu kwamba namba ya rauta ni yake, data za jirani zitapita mikononi mwake. Dalili mojawapo ni IP ya rauta kuonekana kwenye jedwali ikiwa na MAC ya kifaa kingine.

Kwa printa yetu, tiba ni kuingia kwenye rauta na kuihifadhia .50 kwa MAC yake, au kuihamishia printa juu ya .200, ambako rauta haigawi.