Alama Zinapofanana: Mahali Kwiksoti Inapokwama

Mwaka 1959 Tony Hoare, kijana Mwingereza aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Moscow, alikuwa akishughulikia tafsiri ya Kirusi kwa mashine. Kamusi yake ilikaa kwenye utepe wa sumaku, maneno yakifuatana kialfabeti. Ili utepe usizungushwe mbele na nyuma kwa kila neno, ilibidi maneno ya sentensi yapangwe kwanza, kisha utepe usomwe mara moja tu. Njia aliyoibuni ya kuyapanga ndiyo kwiksoti, na aliichapisha mwaka 1961.

Wazo lake ni jepesi. Katika orodha unachagua kitu kimoja kiwe kigezo. Vilivyo vidogo kuliko kigezo unavisogeza kushoto, vikubwa kulia, na kigezo kinakaa katikati yao. Hapo kigezo kimeshafika mahali pake pa kudumu, hakitaguswa tena. Kisha unarudia kazi ileile upande wa kushoto, halafu wa kulia, hadi kila kipande kibaki na kitu kimoja. Kwa hiyo kazi yote ya kwiksoti imo katika kugawa.

Njia ya kugawa inayofundishwa sana darasani si ya Hoare mwenyewe, bali ya Nico Lomuto, ambayo Jon Bentley aliieneza kwa maandishi yake miaka ya 1980. Walimu huipenda kwa sababu ni fupi:

```python
def gawa(a, mwanzo, mwisho):
    kigezo = a[mwisho]
    mpaka = mwanzo
    for j in range(mwanzo, mwisho):
        if a[j] <= kigezo:
            a[mpaka], a[j] = a[j], a[mpaka]
            mpaka += 1
    a[mpaka], a[mwisho] = a[mwisho], a[mpaka]
    return mpaka
```

Kigezo ni kitu cha mwisho katika orodha. `j` inapita kitu kimoja kimoja kutoka kushoto. `mpaka` inaonyesha mahali atakapowekwa mdogo ajaye: vyote vilivyo kushoto kwake vimeshakubaliwa kuwa havizidi kigezo.

Tuchukue alama za wanafunzi wanane katika jaribio la maswali kumi: 5, 3, 8, 5, 2, 5, 9, 5. Kigezo ni ile 5 ya mwisho. Alama ya kwanza, 5, haizidi kigezo, kwa hiyo inakubaliwa hapohapo ilipo; 3 vivyo hivyo. Mpaka sasa uko nafasi ya tatu, penye 8. Nane inazidi, basi inaachwa na mpaka hausogei. Inafuata 5 ya nafasi ya nne: inakubaliwa, nayo inabadilishana nafasi na 8. Orodha inakuwa 5, 3, 5, 8, 2, 5, 9, 5. Kisha 2 inabadilishana na 8, na baada yake 5 ya nafasi ya sita inabadilishana na 8 hiyohiyo, ambayo inazidi kusukumwa kulia. Tunapata 5, 3, 5, 2, 5, 8, 9, 5. Tisa inaachwa. Mwishowe kigezo kinabadilishana na 8 iliyo mpakani:

```
5 3 5 2 5 | 5 | 9 8
```

Kigezo kimetua nafasi ya sita. Lakini angalia upande wa kushoto: tano zote tatu zilizobaki zimeangukia huko, kwa sababu sharti ni `<=`. Zinalingana na kigezo, zingeweza kukaa naye na kazi ikaisha, lakini njia hii haina mahali pa vilivyo sawa. Inajua pande mbili tu.

Gharama inaonekana mzunguko unaofuata. Kipande cha kushoto ni 5, 3, 5, 2, 5, na kigezo ni 5 tena. Vitu vyote vinne vya mbele yake vinakubaliwa, hakuna kinachohama, na kigezo kinabaki pale pale mwisho. Tumefanya milinganisho minne ili kuondoa kitu kimoja. Ukiendelea hadi mwisho, orodha hii ya vitu vinane inakula milinganisho 18. Kama wanafunzi wote wangepata 5, ingekula 28, yaani 7 + 6 + 5 na kuendelea hadi 1, na hakuna mgawo mbaya kuliko huo. Kubadili `<=` kuwa `<` hakuponyi kitu. Tano zote zinahamia kulia, basi.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kulaumu kigezo, na mara nyingine wana haki. Mpe Lomuto orodha iliyokwisha kupangwa, 2, 3, 5, 8, 9. Kigezo, kikiwa cha mwisho, ndicho kikubwa kuliko vyote, kwa hiyo upande wa kulia unabaki mtupu kila mzunguko. Si hali ya nadra: mtu huongeza jina moja mwishoni mwa orodha iliyopangwa, akaipanga upya. Orodha ya vitu 100,000 vilivyokwisha kupangwa inadai milinganisho 4,999,950,000. Kama kila mgawo ungekata katikati, ingetosha karibu milioni 1.5. Dawa ni kuchagua kigezo kwa bahati nasibu, au kuchukua cha mwanzo, cha kati na cha mwisho kisha kutumia chenye thamani ya katikati. Kigezo kilichochaguliwa huhamishiwa mwisho, halafu `gawa` inaendelea kama kawaida.

Dawa hiyo, hata hivyo, haitibu vinavyofanana. Tuseme watahiniwa 100,000 wanapangwa kwa daraja, la kwanza hadi la nne na sifuri, na kila daraja lina watu 20,000. Chagua kigezo kwa busara yoyote. Mapema tu utabaki na vipande vya madaraja yanayofanana, ambamo kila kigezo ni sawa na kingine. Kila kipande cha 20,000 kinadai milinganisho 199,990,000, na vyote vitano vinakaribia bilioni moja. Isitoshe, kwiksoti inajiita yenyewe ndani yenyewe karibu mara 20,000. Kwa kawaida Python inakomea karibu na 1,000, kisha inasimama na ujumbe huu:

```
RecursionError: maximum recursion depth exceeded
```

Dalili yake ni hii: nambari laki moja zilizochanganywa, kila moja tofauti, zinapangwa bila shida, lakini safu ya madaraja inaangusha programu ileile.

Kinachotakiwa ni kugawa mara tatu: vidogo, vilivyo sawa, vikubwa. Edsger Dijkstra alilifanya fumbo la kupanga rangi tatu za bendera ya Uholanzi, na mwaka 1993 Bentley na Douglas McIlroy waliupa mgawo wa aina hiyo nafasi katika toleo lao la `qsort` ya lugha ya C. Kwa alama zetu, mgawo mmoja unatoa hivi:

```
3 2 | 5 5 5 5 | 9 8
```

Tano zote nne zimemaliza safari kwa pamoja. Zimebaki jozi mbili, na kila moja inahitaji mlinganisho mmoja tu. Orodha ya alama zinazofanana kabisa inaisha kwa kupitiwa mara moja. Hata njia ya Hoare, kama inavyofundishwa leo, inavumilia vinavyofanana kuliko ya Lomuto, kwa kuwa inasimama kwenye kilicho sawa na kigezo na kukibadilisha, hivyo mgawo unaelekea katikati.

Kwa maoni yangu Lomuto inafaa ubaoni, si katika programu itakayopokea umri, madaraja au majina ya mikoa. Ukiandika kwiksoti yako, kabla hujamkabidhi mtu ijaribu kwa orodha mbili: moja iliyokwisha kupangwa, na nyingine yenye nambari moja iliyorudiwa mara laki moja.