Kwa Nini Mtu wa Pembeni Hunenepa Pichani

Simu nyingi za kisasa zina lenzi pana inayofunguliwa kwa kubonyeza 0.5x kwenye skrini ya kamera. Lenzi hiyo huona pembe ya takriban nyuzi 120, ilhali kamera kuu, yaani 1x, huona kati ya nyuzi 70 na 85 hivi. Kwa sababu hiyo hupendwa katika picha za pamoja, hasa ndani ya chumba kidogo. Lakini picha ikitoka, aliyesimama katikati yuko sawa, na wa pembeni amepanuka shavu na kichwa chake kimevutika kuelekea nje.

Chanzo chake si kasoro ya kioo. Lenzi pana ikiachwa ilivyo hupinda mistari, na miimo ya milango hutokea kama pipa lililotuna. Programu ya simu huinyoosha mistari hiyo kabla ya kuhifadhi picha. Ili mstari ulionyooka ubaki umenyooka hadi ukingoni, ni lazima sehemu za pembeni zivutwe nje, na kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo zinavyovutwa zaidi. Kitu bapa kinachoelekeana na kamera, kama bango la ukutani, hakiharibiki kwa njia hii. Kinachoharibika ni kitu chenye unene, kama kichwa cha mtu: mpira ulio katikati ya picha hutokea duara, na ulio pembeni hutokea kama yai lililolala.

Ukubwa wa tatizo unaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Tuseme watu 10 wamejipanga mstari mmoja ulionyooka, kila mmoja akiwa nusu mita kutoka kwa mwenzake, na mpiga picha yuko mita 3 mbele ya katikati ya mstari. Mtu wa mwisho yuko mita 2.25 kutoka katikati, na umbali wake hadi kwenye kamera ni mita 3.75. Gawanya 3.75 kwa 3, upate 1.25. Maana yake, kichwa chake kitatokea kikiwa kimepanuka kwa takriban asilimia 25 kulinganisha na urefu wake. Hapo jicho lolote litaona kasoro.

Watu hao hao wakipangwa safu mbili za watu watano, waliokaa mbele na waliosimama nyuma, wa mwisho wa safu ya mbele watakuwa mita 1 tu kutoka katikati, na upanukaji hushuka hadi kama asilimia 5, kiasi ambacho ni vigumu kukiona. Zaidi ya hayo, kundi lote sasa lina upana wa mita mbili na nusu, na kamera kuu huweza kuona kama mita 4 kwa umbali huo picha ikiwa ya kulala. Lenzi pana haihitajiki tena. Kinachoamua ni pembe aliyopo mtu, kwa hiyo nafasi ikiwepo, kurudi nyuma hatua chache huleta nafuu ileile.

Pasipo nafasi, watu wakae karibu na katikati, na pembeni pawekwe ukuta, pazia au miti. Simu ishikwe wima, bila kuinamishwa, kwa kuwa kichwa kinachogusa ukingo wa juu nacho hurefuka. Kupinda safu ili wa pembeni wamsogelee mpiga picha hakusaidii: vichwa vyao hubaki vimevutika, na juu ya hayo hutokea vikubwa kuliko vya wengine.

Marekebisho ya programu yapo pia. Kwenye iPhone nyingi za karibuni, swichi ya Lens Correction iko katika mipangilio ya kamera. Mwaka 2019 watafiti wa Google walichapisha njia inayotambua nyuso, ikazirudishia umbo lake, na kuacha mandhari ya nyuma na mistari yake. Wazo hilo ni la kale: katika mchoro wa Shule ya Athene, uliokamilika takriban mwaka 1511, Raphael alichora tufe zilizo pembeni kama duara kamili, ingawa kanuni kali ya mtazamo ingezifanya ziwe mayai.

Marekebisho hayo yana mipaka. Uso ulio mbele ya mwimo wa mlango ukirudishwa, mwimo huo huweza kupinda. Pia programu nyingi huhesabu kuanzia katikati ya picha asilia, kwa hiyo picha irekebishwe kwanza, ndipo ikatwe. Ikikatwa upande mmoja mapema, katikati hupotea na marekebisho hukosea. Kwa picha ya watu, chaguo la kwanza libaki kuwa 1x na safu mbili, 0.5x iachiwe majengo na mandhari.