Kabla ya kulipa logo: namna ya kusoma proforma tatu

Wiki mbili zilizopita, mudogo wetu mmoja wa agronomia alinifuata nyumbani, hapa Kabondo, na proforma tatu ndani ya telefoni. Yeye na wenzake wanne wanachuja mawese na kuyauza katika chupa za litri moja na bidoni za litri tano. Sasa walitaka logo. Proforma ya kwanza ilikuwa dola 25, ya pili dola 60, ya tatu dola 100.

"Yaya, si tukamate tu ile ya 25? Logo ni logo."

Nilicheka kidogo, juu mimi mwenyewe nilisema vile miaka mitatu iliyopita, tulipoanza na kikundi chetu cha karanga ya kusaga. Tulilipa kidogo, tukapata picha nzuri kwa WhatsApp, tukabandika etiketi, furaha. Siku tulienda kwa fundi wa serigrafi kutia jina kwenye ndoo, akaangalia telefoni yangu akasema: "Hii siwezi kuikata. Leta vektori." Vektori nini? Tulimtafuta enfografi wetu, akaomba pesa zaidi ya zile za kwanza. Na haikuisha pale: miezi michache baadaye tukakuta mchoro uleule wa karanga kwenye sashe ya mtu mwingine sokoni. Aliutoa mahali, hakuuchora.

Basi nikamwambia mudogo: wewe ni agronome. Unanunua mbegu kwa bei ya kilo tu, bila kuuliza zinaota ngapi kwa mia? Akanyamaza. Tukaanza kusoma, na tuliacha bei kwa mwisho.

Ya kwanza, retushi. Proforma ya dola 25 ilisema "retushi 1, nyongeza dola 5". Mimi niliuliza: retushi moja ni nini? Kuna maenfografi wanaohesabu kila ujumbe. Ukituma asubuhi "ongeza kijani" na jioni "herufi ziwe nene", hizo ni mbili. Wengine wanahesabu kwa raundi: unakusanya masahihisho yote, unatuma mara moja, hiyo ni moja. Tofauti ni kubwa mno kwa watu watano wenye telefoni tano. Kwetu kila mtu aliandika mambo yake, hata mke wa mwenzetu, na mwisho enfografi hakujua amsikie nani. Kwa hiyo dai neno "raundi" liandikwe, halafu chagueni mtu mmoja wa kutuma.

Pia kusahihisha si kuanza upya. Ukisema "hapana, toa mungazi, weka tone la mafuta", hiyo ni kazi mpya, na enfografi ana haki ya kuilipisha. Njo maana proforma ya pili ilinipendeza: michoro mitatu tofauti ya kuanzia, unachagua mmoja, kisha raundi mbili juu ya ule mmoja. Ya tatu iliahidi "retushi bila mpaka". Neno hilo linavuta, lakini halikuwa na tarehe ya kumaliza, wala halikusema kama mchoro unaweza kubadilishwa. Retushi bila mpaka juu ya mchoro usioupenda haikusaidii kitu.

Ya pili, fishie. Hapa njo watu wengi wanadanganyika, juu fishie mbaya inaonekana nzuri mwanzoni. Chukua JPG ya vidoti 1000 kwa upana. Kwenye etiketi ya sentimita 8, kila milimita inapata vidoti zaidi ya 12, inatoka safi kabisa. Peleka fishie ileile kwenye kalikoti ya mita 3: kila kidoti kinakuwa mraba wa milimita 3, na mungazi wako unaonekana kama ngazi za nyumba. Vektori si vidoti. Ni maelezo ya mistari, mashine inaichora upya kwa ukubwa wowote. Ndiyo fundi wa serigrafi anaihitaji, na anahitaji pia logo ya rangi moja, maana kwenye bidoni kila rangi inadai kitambaa chake na pesa yake.

Kwa hiyo proforma itaje: SVG au PDF ya vektori, PNG isiyo na rangi ya nyuma, na toleo la rangi moja. Lakini jina la fishie peke yake halitoshi. Mtu anaweza kutia JPG ndani ya PDF na kuiita vektori. Fungua PDF, kuza mpaka mwisho: ukingo ukibaki laini, sawa; ukiwa ngazi-ngazi, umeuziwa picha. SVG unaweza kuifungua hata kama maandishi. Ukiona hivi, ni mistari ya kweli:

```
<path d="M120 45 C130 20 160 20 170 45 Z"/>
```

Ukiona hivi, ni picha iliyovaa nguo ya SVG:

```
<image href="data:image/png;base64,iVBORw0KGgo...
```

Na usipokee fishie kama picha ya WhatsApp, inazikandamiza. Zitumwe kama dokima, au uende na fleshi.

Ya tatu ni haki, na hapo proforma ya kwanza ilikuwa kimya kabisa. Kwetu Kongo, sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mtunzi, na michoro imo. Kulipa mchoro si kuwa mwenye haki zake. Kama karatasi iko kimya, ugomvi ukija utasimama juu ya nini? Proforma ya dola 100 iliongea, lakini vibaya: "matumizi ya etiketi, mwaka 1". Maana yake kalikoti, tishati na bidoni ni pesa nyingine, na mwakani unaanza tena. Kwa picha ya tangazo ningeelewa. Kwa logo, hapana.

Tukahesabu. Ile ya dola 25: raundi mbili za ziada ni 10, fishie ya asili waliiuza 40, jumla 75, bila haki yoyote iliyoandikwa. Ile ya 60 ilikuwa na fishie zote, ila kwenye haki ilisema tu "logo ni ya klienti". Tuliomba sentensi mbili ziongezwe. Ziliandikwa Kifaransa kama proforma yenyewe, maana yake ni hii: malipo yakiisha, klienti peke yake anaweza kutumia, kunakili na kubadilisha logo, popote, kwa muda wote wa ulinzi wa sheria; na enfografi anathibitisha ameichora mwenyewe, hakuna mchoro wa tayari ndani. Sentensi ya pili ni juu ya yale ya karanga yetu. Hata Canva, katika kanuni zake, inakataza michoro yake ya tayari kusajiliwa kama alama ya biashara.

Enfografi alikubali kwa dola 10 zaidi, na aliomba ruhusa ya kuonyesha kazi ile kwa maklienti wengine. Hiyo ni haki yake, tukampa. Walilipa avansi ya 35, nyingine 35 baada ya kukagua fishie.

Ukaguzi ulikuwa na faida. Kwenye mashine ya enfografi kila kitu kilikuwa sawa. Kwenye ordinateri ya imprimeri, mungazi ulibaki safi lakini jina la mawese lilitoka kwa herufi nyingine kabisa, juu fonti ile haikuwa pale. Aliacha jina kama maandishi, hakuligeuza kuwa mistari. Raundi moja ilikuwa bado imebaki. Aliirekebisha siku ileile, bila franga hata moja, halafu mudogo akatuma zile 35.