Konvolusheni na Volteji Inayopanda

Saketi yenye kikinza cha kiloomu 1 na kapasita ya mikrofaradi 1,000, isiyo na chaji mwanzoni, huitikia msukumo wa ghafla kwa h(t) = e^(−t), t ikiwa sekunde. Volteji inayoingia ikipanda volti 1 kila sekunde, huchukuliwa kuwa mfululizo wa misukumo midogo, kila mmoja ukiacha athari inayofifia kadiri ya umri wake, s. Volteji ya kapasita ni jumla ya athari hizo:

y(t) = ∫₀ᵗ (t − s)e^(−s) ds = t − 1 + e^(−t)

Kikomo cha juu ni t, kwani kabla ya sekunde 0 hapakuwa na msukumo. Anayeweka ukomo usio na mwisho hupata t − 1, yaani volti −1 mwanzoni, ilhali kapasita ilikuwa tupu. Baada ya sekunde 5, huingia volti 5, hutoka 4.01. Pengo hukaribia volti 1, wala halizibiki.