Mstari wa Katikati

DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana. Chembe hai inapojigawa, nyuzi hizo zinakiliwa, lakini mwaka 1957 hakuna aliyejua kwa hakika uzi wa zamani unakwenda wapi. Huenda jozi ya zamani inabaki nzima na nakala inakuwa mpya tupu. Huenda nyuzi zinaachana, kila mmoja ukapata mwenzi mpya. Au huenda zinakatika vipande, ya kale na mapya yakachanganyika katika kila uzi.

Matthew Meselson na Franklin Stahl, huko California, walitafuta namna ya kuupima uzi kwa uzito wake. Waliwalea bakteria wa E. coli kwa vizazi 14 katika chakula chenye naitrojeni nzito, naitrojeni-15, hadi karibu DNA yao yote ikawa nzito. Kisha wakawahamishia ghafla kwenye naitrojeni ya kawaida, ya 14, wakawa wanachota sampuli kadiri bakteria walivyozaliana.

Kila sampuli iliwekwa katika maji yenye chumvi nyingi ya siziamu na kuzungushwa kwa kasi kubwa mno kwa saa 20 hivi. Mzunguko huo huifanya chumvi ijae zaidi upande wa chini, na DNA hutulia pale inapolingana uzito na maji yanayoizunguka. Ikipigwa picha kwa mwanga wa urujuanimno, huonekana kama mstari mweusi.

Mwanzoni kulikuwa na mstari mmoja, mzito. Baada ya kizazi kimoja mstari ule ulitoweka, ukabaki mmoja tu katikati ya mzito na mwepesi. Hapo wazo la kwanza lilikufa, kwa kuwa lingetoa mistari miwili, mzito na mwepesi, na katikati patupu. Msomaji awe mwangalifu, lakini: sampuli iliyochotwa kabla kizazi hakijatimia huonyesha mzito pamoja na wa katikati. Huo si ushahidi wa jozi kubaki nzima. Ni DNA ambayo zamu yake ya kunakiliwa haijafika.

Wazo la vipande bado lilikuwa hai, maana nalo lingetoa mstari wa katikati. Kizazi cha pili ndicho kilichoamua. Tuanze na jozi moja nzito. Nyuzi zake mbili zikiachana, kizazi cha kwanza kina jozi 2, zote mchanganyiko. Cha pili kina jozi 4: mbili zinabeba uzi mmoja mzito kila moja, mbili ni nyepesi kabisa. Kwa vipande, jozi zote nne zingekuwa na robo ya uzito wa kale, na mstari ungekuwa mmoja, uliosogea kuelekea upande mwepesi. Picha ilionyesha miwili iliyo sawa: wa katikati ukiwa palepale, na mwepesi. Katika kizazi cha tatu, jozi za mchanganyiko ni 2 kati ya 8, kwa hiyo mstari wa katikati hufifia bila kuhama.

Kisha wakaichemsha DNA ya katikati. Ilijitenga ikawa mistari miwili, mmoja wa nyuzi nzito, mwingine wa nyepesi.